Mashine Asiyoisoma Mchimbaji

Rubaya iko katika milima ya Masisi, kama kilomita 60 kaskazini magharibi mwa Goma. Mchimbaji wa huko hana shida kubwa na kilo. Mizani ya kuning'inia anaiona kwa macho yake, na mawe ya koltani aliyoyaosha mtoni anajua uzito wake hata kabla hayajatundikwa, kwa kuwa ameyabeba mgongoni akishuka nayo mteremko wenye utelezi. Shida yake huanza baadaye, pale mfuko unapofika kwa mnunuzi na kijana wa ofisini anaposogeza mashine ndogo yenye umbo la bastola, akaibana juu ya unga mweusi kwa nusu dakika, kisha akataja namba. Namba hiyo ni asilimia ya oksidi ya tantali iliyomo ndani ya mchanga, na bei inashikamana nayo kuliko inavyoshikamana na kilo.

Chukua mfuko wa kilo 50. Mashine ikisema 30, mna kilo 15 za kitu kinacholipiwa. Ikisema 25, zimebaki kilo 12 na nusu. Hapo sehemu moja ya sita ya mapato ya timu nzima imeondoka, na hakuna aliyechukua hata punje. Unyevu nao hupunguza, kwa sababu mnunuzi anakata maji yaliyomo kwa makadirio. Mchanganyiko wa chuma hupunguza pia. Yote haya yanaweza kuwa kweli tupu, na mara nyingi ni kweli, maana udongo wa shimo moja haulingani na wa shimo la jirani. Mchimbaji lakini hakuisoma ile mashine. Ameambiwa tu.

Historia ya kazi katika Masisi na Walikale, kwa karibu karne nzima, ina mambo mengi ya namna hii: uamuzi unafanywa mahali ambapo aliye chini haoni, kisha anaambiwa. Wataalamu wa mambo ya kazini hugawa haki katika mafungu matatu. La kwanza ni kile mtu anachopata. La pili ni njia iliyotumika kuamua apate kiasi hicho. La tatu ni namna alivyotendewa na kuelezwa. Wachimbaji wa Kivu hawajasoma vitabu hivyo, ila hukumu zao juu ya wakubwa zimefuata mafungu hayo hayo, na zimeacha alama zinazoonekana.

Alama ya zamani iliyo wazi kuliko zote ni ya mwaka 1944. Ulaya ilikuwa vitani, na serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilihitaji mpira, bati na barabara. Siku za kazi ya lazima ambazo kila mwanamume wa kijijini alidaiwa kwa mwaka ziliongezwa kutoka 60 hadi 120. Hakuna chifu wala mwanakijiji aliyeulizwa. Katika msitu ulio kati ya Masisi na Lubutu, ambamo ndimo Walikale ilimo, watu wakamfuata Bushiri Lungundu, mhubiri wa Kitawala, wakaasi. Uasi ulizimwa kwa silaha ndani ya miezi michache. Wanahistoria wameueleza kwa dini, na dini ilikuwemo kweli. Hata hivyo msitu ule ulikuwa na dini miaka mingi bila kuasi. Kilichokuwa kipya ni namba: 120 badala ya 60, iliyotangazwa na watu wenye fimbo mkononi.

Baada ya uhuru likaja jina ambalo wazee wa migodini bado hulitamka kwa sauti ya kukumbuka nyumbani: SOMINKI. Kampuni hii iliundwa mwaka 1976 kwa kuunganisha kampuni kadhaa za madini za Kivu na Maniema, serikali ya Zaire ikiwa na hisa ndani yake. Ilichimba bati na dhahabu, na milima ya Rubaya ilikuwa sehemu ya eneo lake. SOMINKI haikuwa tajiri wa mishahara, lakini mfanyakazi alikuwa na namba yake, siku ya posho ilijulikana, zahanati ilikuwepo na watoto walikwenda shule ya kampuni. Mtu aliyedhulumiwa na kapita alijua ofisi ya kwenda.

Oktoba 1985 soko la bati la London lilisimama ghafla, kwa sababu shirika la kimataifa lililokuwa likiishikilia bei lilifilisika. Bei ikaanguka vibaya. SOMINKI ikapungua polepole, vita vikaingia, na mwaka 1997 ikafungwa rasmi, mali yake ikahamia kwa kampuni mpya, SAKIMA. Wafanyakazi wa zamani waliendelea kwa miaka mingi kudai malipo yao ya mwisho. Ukisikiliza wanavyolalamika utagundua jambo. Hawamlaumu sana aliyeangusha bei ya bati, kwa kuwa soko ni soko. Wanachouliza ni kwa nini hakuna aliyekuja kukaa nao na kuwaambia hesabu yao imefika wapi.

Kizazi kilichofuata hakikujua kampuni wala zahanati. Mwaka 2002 watu walikuta kasiteriti, jiwe la bati, juu ya kilima cha Bisie katika eneo la Walikale. Kufika huko kulikuwa ni kutembea msituni kwa siku mbili, na jiwe lilishuka mgongoni mwa wapagazi, kilo 50 kwa kila mmoja, hadi barabara ya lami ya Kilambo ambako ndege ndogo zilitua katikati ya njia na kuruka nalo kwenda Goma. Maelfu ya watu walijazana mlimani. Mwenye shimo aliitwa pedeje, kama mkurugenzi wa kampuni ya mjini, na chini yake walikuwepo viongozi wa timu, wapasuaji na wabebaji.

Mgawanyo wa Bisie ulikuwa mkali, lakini ulieleweka. Pedeje alichukua fungu lake, gharama za chakula, tochi na pampu zikakatwa, kilichobaki kikagawanywa. Mtu angeweza kubishana na pedeje wake usiku huohuo, mbele ya mfuko huohuo. Yaliyowatia uchungu yalikuwa ya njiani: vizuizi vya wanajeshi, hasa wa brigedi ya 85 iliyotawala mlima hadi mwaka 2009, kila kimoja na ushuru wake, bila risiti na bila kiwango cha kudumu. Mpagazi alilipa kiasi kimoja leo na kingine kesho kwa askari yuleyule. Mwanazuoni Mmarekani Gerald Leventhal aliandika mwaka 1980 kwamba kanuni ya kwanza ya utaratibu wa haki ni kutobadilika kutoka mtu hadi mtu na siku hadi siku. Pale kwenye kizuizi kanuni hiyo ilivunjwa kila asubuhi.

Kisha Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alifika Walikale na kutangaza kwamba uchimbaji umesimamishwa katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Nia iliyotajwa ilikuwa kuwakata wenye silaha mkono wao wa fedha. Ni nia ambayo mchimbaji yeyote angeweza kuikubali, maana yeye ndiye aliyekuwa akiporwa. Hata hivyo katazo lilishuka siku moja, bila muda wa kujitayarisha na bila njia ya kukata rufaa. Mikoa mitatu ikakaa bila mapato halali ya migodi hadi Machi 2011 lilipoondolewa. Madeni ya dukani yalibaki palepale. Wanajeshi wengine waliendelea kuchimbisha usiku. Wachimbaji walichojifunza ni kwamba waliotii ndio walioumia.

Rubaya ilichukua njia nyingine, na ndiyo inayofaa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu pale palikuwepo karatasi. Mlima ulikuwa wa kampuni kwa mujibu wa leseni: Société Minière de Bisunzu, SMB, ambayo zamani ilijulikana kama MHI, mali ya mwanasiasa Edouard Mwangachuchu. Watu walioingia mashimoni walikuwa wamejipanga katika ushirika wa COOPERAMMA. Mwaka 2013 pande hizo mbili zilitia sahihi itifaki. Wachimbaji waliruhusiwa kubaki na kuchimba ndani ya eneo la kampuni, nao wakaahidi kuiuzia kampuni hiyo peke yake kila walichotoa. Kuanzia mwaka 2014 mawakala wa serikali walianza kufunga mifuko kwa lebo za mpango wa ITSCI, ili mnunuzi wa ng'ambo ajue jiwe limetoka shimo gani.

Kwenye karatasi, ni mpango mzuri kuliko wowote uliopata kujaribiwa Kivu. Mchimbaji hafukuzwi, kampuni haipotezi mlima, dunia inapata koltani isiyo na damu.

Lakini tazama kilichokaa ndani yake. Muuzaji hana mnunuzi wa pili. Anayetaja asilimia ndiye anayelipa. Anayelipa ndiye anayechagua siku ya kulipa. Na asiyekubaliana na namba hana mahali pengine pa kupimisha mfuko wake ndani ya sheria. Leventhal alikuwa na kanuni mbili nyingine zinazohusu mambo haya haya: uamuzi ujengwe juu ya taarifa sahihi, na pawepo njia ya kuusahihisha ukikosewa. Itifaki ya Rubaya ilisema mengi juu ya nani auze kwa nani, ikampa mchimbaji kidogo sana juu ya afanye nini namba isipomridhisha.

Malalamiko hayakuchelewa. Ushirika ulisema kampuni inachelewesha malipo na inalipa chini ya bei ya nje. Kampuni ikasema wachimbaji wanatorosha koltani. Pande zote mbili zilikuwa na ushahidi wa kutosha kujiridhisha. Mfuko uliokaa ghalani wiki kadhaa bila kulipwa ulimfundisha mwenye shimo kuupeleka mfuko unaofuata kwingine, na mfuko uliopelekwa kwingine uliipunguzia kampuni fedha za kulipa ule wa kwanza. Jirani na eneo la SMB kulikuwa na eneo la SAKIMA, lenye lebo zake. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa, na baadaye shirika la Global Witness katika ripoti ya mwaka 2022, walieleza jinsi koltani ya upande mmoja ilivyovukishwa usiku na kupata lebo za upande wa pili. Mwanzoni mwa mwaka 2019 SMB ilikuwa imekwisha kuacha ITSCI na kuhamia mpango mwingine wa ufuatiliaji. Kwa mchimbaji, mabadiliko hayo yalikuwa lebo ya rangi nyingine iliyoletwa na watu wengine, na hakuna aliyemketisha kumweleza ile ya kwanza ilikuwa na kasoro gani.

Hapo ndipo jaribio moja la mbali linapofaa kukumbukwa. Mwaka 1990 Jerald Greenberg alichapisha utafiti uliofanyika katika viwanda vitatu vya kampuni moja ya Marekani. Kampuni ilipoteza wateja, ikapunguza mishahara kwa asilimia 15 kwa wiki kumi katika viwanda viwili. Cha tatu hakikuguswa. Katika kiwanda cha kwanza rais wa kampuni alikaa na wafanyakazi kama saa moja na nusu. Aliwaonyesha hesabu, akasema anasikitika, akajibu kila swali. Katika cha pili tangazo lilichukua dakika kumi na tano hivi, bila maelezo ya maana. Kisha Greenberg akahesabu vifaa vilivyopotea ghalani. Wizi uliongezeka kidogo pale walipoelezwa. Pale ambapo hawakuelezwa uliruka zaidi ya maradufu, na watu wengi zaidi waliacha kazi. Mishahara iliporudi, wizi nao ukashuka.

Makato yalikuwa sawasawa katika viwanda vyote viwili. Kilichotofautiana ni saa moja na robo ya mazungumzo.

Tusivute kamba kupita urefu wake. Mchimbaji wa Rubaya si mfanyakazi wa kiwanda cha Marekani: hana mshahara wala mkataba, na ng'ambo ya mpaka kuna bei inayomwita. Koltani ingetoroka hata kama SMB ingekuwa na meneja mpole kuliko wote duniani, kwa kuwa tofauti ya kodi kati ya Kongo na Rwanda ni sababu tosha. Ila jaribio lile linasaidia kuelewa kwa nini mtu aliyevusha mfuko usiku hajioni mwizi. Kwake yeye anajilipa deni. Neno "kutorosha" ni la kampuni, wala si lake.

Kuna jambo jingine, gumu kulitaja bila kuwasha moto. Mwenye kampuni ni Mtutsi, na wengi wa wachimbaji wa ushirika ni Wahutu, katika eneo ambalo ugomvi wa ardhi na makabila umemwaga damu tangu mwaka 1993. Ofisi isiyofungua hesabu zake haiachi pengo tupu. Watu hulijaza kwa maelezo yaliyo karibu nao. Asilimia ikishuka, mmoja atasema udongo wa shimo lile ni hafifu, mwingine atasema ni kwa sababu sisi ni fulani na wao ni fulani. Uamuzi uleule wa kibiashara ukawa, ndani ya miaka michache, ushahidi wa uadui. Mapigano kati ya walinzi wa mgodi na wachimbaji yalitokea zaidi ya mara moja, na watu walikufa. Mwangachuchu alikamatwa Machi 2023, na Oktoba mwaka huohuo mahakama kuu ya kijeshi ilimhukumu adhabu ya kifo kwa uhaini, kesi iliyoigawanya Kivu yote.

Mwishoni mwa Aprili 2024 waasi wa M23 waliiteka Rubaya. Wao nao wakawa waajiri wa namna fulani. Ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya mwaka huo inasema waliweka utawala wao wa madini, wakawadai wachimbaji na wanunuzi vibali, wakatoza kodi, na jumla yake ikakadiriwa kufika dola 800,000 kwa mwezi. Ripoti hiyohiyo ina jambo ambalo wasomaji wengi wamelipita haraka: ili watu wasikimbie mashimo, malipo ya wachimbaji yaliongezwa. Wakati huohuo ikarudishwa salongo, kazi ya lazima ya enzi za Mobutu, na raia wakapanua barabara bila malipo ili malori yapite.

Ukipima kwa kile mtu anachopata, baadhi ya wachimbaji walikuwa na mfuko mzito kuliko siku za itifaki. Ukipima kwa njia, hakukuwa na njia: kibali ukinyang'anywa hakuna ofisi, na salongo haina "samahani, leo ninaumwa". Kwa hiyo anayeuliza kama watu wa Rubaya "waliridhika" na utawala mpya anauliza swali moja mahali pa maswali matatu. Jibu la fedha linaweza kuwa ndiyo huku mengine mawili yakiwa hapana.

Bisie nayo haikubaki kama ilivyokuwa. Baada ya miaka ya ugomvi kati ya makundi ya wenye leseni, familia za wenyeji na vyama vya wachimbaji, mlima uliishia mikononi mwa kampuni ya Alphamin, iliyoanza kutoa bati kwa mitambo mwaka 2019. Mwaka 2024 ilitoa zaidi ya tani 17,000, karibu asilimia 6 ya bati la dunia nzima. Wapagazi wa Kilambo wamekwisha. Waliopo sasa ni madereva wa mitambo, mafundi umeme na wapishi, wenye mikataba na kadi. Sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inasema mwenye mkataba wa kudumu hafukuzwi bila sababu halali, na mwajiri anawajibika kuitaja kwa maandishi. Mpagazi wa mwaka 2005 hakuwa na chochote cha aina hiyo mfukoni.

Machi 2025 jaribu lilikuja. M23 walikuwa wakisonga kuelekea Walikale, na tarehe 13 kampuni ikasimamisha kazi na kuwaondoa watu mgodini, ikabakiza wachache wa kutunza mitambo. Wiki moja baadaye waasi waliingia Walikale mjini. Uamuzi wa kusimamisha ulifanywa haraka kama lile katazo la mwaka 2010, nao pia haukupigiwa kura. Tofauti ni kwamba sababu ilitangazwa siku ileile, hadharani, na kila aliyeondoka alikuwa na jina kwenye orodha na mwajiri wa kumdai. Wachimbaji waliokuwa juu ya mlima huohuo miaka 15 kabla hawakuandikwa popote, hivyo hata katazo lilipoondolewa hapakuwa na mtu wa kuwaita.

Tarehe 3 Aprili waasi walitoka Walikale mjini. Tarehe 9 Alphamin ilitangaza kwamba kazi inaanza tena kwa awamu, na wafanyakazi wakaanza kurudishwa Bisie. Huko Rubaya uchimbaji ulikuwa ukiendelea, na mashine ya kupima asilimia ilibaki mkononi mwa mnunuzi.